Yai viza kwenye ekzosi: usikimbilie kubadili masega

Siku moja utaletewa gari la petroli na mwenyewe atakwambia: "Fundi, mwendo wa taratibu halina neno. Nikifika themanini halichanganyi tena, na linanuka yai viza." Utatamani kujibu papo hapo kwamba masega, kile kisafisha moshi chenye matundu madogo kwenye bomba la ekzosi, yameziba. Huenda ukapatia. Mimi nilipatia mwaka wangu wa kwanza, nikafunga masega mapya, mteja akaondoka anacheka. Baada ya miezi mitatu akarudi na ugonjwa uleule, masega mapya yameungua.

Tuanze na harufu. Petroli ina salfa kidogo. Injini ikichoma sawasawa, salfa hiyo hutoka bila kukusumbua pua. Mafuta yakizidi hewa, ndani ya masega hugeuka haidrojeni salfaidi, gesi ileile ya yai viza. Kwa hiyo harufu inakuletea habari ya mafuta kuzidi, haikuthibitishii kwamba njia imeziba. Halafu nusa vizuri inatokea wapi. Ikiwa inatoka chini ya boneti, pima betri injini ikiwa inaunguruma, maana betri ya asidi inayochajiwa kupita kiasi, volti 15 na zaidi, hunuka hivyohivyo.

Kuziba kuna kipimo chake. Gari moja la silinda nne lililetwa likiwa limeshabadilishwa pampu ya mafuta na filta kwingine, bila nafuu. Nilichomeka geji ya vakyumu kwenye mpira unaotoka manifodi ya kuingizia hewa. Likiunguruma bila kukanyagwa, mshale ulisimama kwenye inchi 18 za zebaki, hali ya kawaida kabisa. Nikamwambia msaidizi akanyage, ashikilie mizunguko 2,500 kwa dakika bila kuachia. Mshale ukapanda, kisha ukaanza kuteremka polepole: 16, 13, 10. Injini nzima huonyesha namba inayotulia. Pampu dhaifu nayo hulinyima gari nguvu kwenye mwendo, lakini haishushi mshale namna hii gari likiwa limesimama.

Sababu yake ni rahisi. Injini ikiunguruma tu, moshi ni mchache na unajipenyeza kwenye matundu yaliyobaki. Ukikanyaga, moshi unakuwa mwingi kuliko njia, unarundikana nyuma hadi ndani ya silinda, na hewa mpya inakosa pa kuingia.

Ili nisibahatishe, nilifungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega na kufunga geji ya presha kwenye tundu lake. (Fanya kazi hii mahali pa wazi, na ngoja ekzosi ipoe kwanza, masega hufika nyuzi mia kadhaa za selsiasi.) Kwenye mizunguko 2,500 nilitarajia isizidi 3 psi. Nilipata 7. Hapo ndipo nilipomwambia mwenye gari kwamba masega yameziba.

Wengi huishia hapo na kuagiza kipuri. Mimi nilichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, nikakuta P0302, yaani silinda ya pili inamisi. Nikahamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya tatu, nikafuta kodi hiyo ya kosa kwenye kompyuta, nikazungusha gari kidogo. Ikarudi P0303. Kosa limehama na koili, basi koili ndiyo mgonjwa. Kama ingerudi P0302, ningehamia kwenye plagi, kisha injekta na kompresheni.

Silinda inayomisi hutema petroli mbichi pamoja na hewa yake, vyote vikaenda kuwakia ndani ya masega, joto likapanda mpaka kigae chake kikayeyuka. Tena sensa ya mbele huiona ile oksijeni isiyotumika, kompyuta ikadhani mafuta hayatoshi, ikaongeza kwa silinda zote. Ndiyo maana gari lenye silinda moja mbovu linaweza kunuka kama silinda zote zimelewa mafuta.

Tulipoyafungua masega, uso wa mbele ulikuwa umeng'aa na kujikunja kama mshumaa uliowekwa juani, na tochi niliyomulika upande mmoja haikuonekana upande wa pili. Koili mpya ikatangulia, na plagi nne. Tukahakikisha haimisi tena, ndipo masega yakafungwa. Geji ya vakyumu kwenye 2,500 ikatulia kwenye 20, na haikushuka tulipoishikilia dakika nzima.

Mwenye gari nilimuuliza kama taa ya injini iliwahi kupepesa. Akasema ndiyo, wiki mbili hivi, akadhani ni waya umelegea. Taa ikiwaka tu, unaweza kufika gerejini kwa utulivu. Ikipepesa, gari linamisi kiasi cha kuyaunguza masega wakati huohuo unapoendesha: punguza mwendo, tafuta pa kuegesha.