Jibu: Zoni ya fibo, namba kamili na muving avareji

"Wakuu, fibo, namba kamili na muving avareji zikikutana sehemu moja hiyo zoni ina nguvu kweli au tunajifariji tu?"

Mkuu, hebu piga hesabu kwanza. Tuseme EURUSD imepanda kutoka 1.0500 hadi 1.1300, fibo ya asilimia 38.2 inaangukia 1.0994, pipsi 6 tu chini ya 1.1000, na muving avareji ya siku 50 nayo ipo 1.1010, raha tupu. Ila kama unahesabu kila bei inayoishia na 00 au 50 kuwa namba kamili na unakubali pipsi 10 juu na chini, umeshafunika asilimia 40 ya chati nzima! Ukichora leveli tano za fibo, nafasi ya angalau moja kugusana na namba kamili kwa bahati tu ni kama asilimia 92. Kukutana ni lazima aisee.

Hapo mimi naiamini zaidi 1.1000 yenyewe, sababu oda kweli hujazana kwenye namba kamili, mchumi Carol Osler alichambua oda za benki akakuta teki profiti zinakaa pale pale na stop losi zinajikusanya nyuma yake kidogo, ndo maana bei ikivunja inaporomoka kwa kasi, so stop yako usiiweke 1.0995. Fibo na muving zote zinatoka kwenye bei ile ile, usizihesabu kama mashahidi wawili.

Kupima, weka sheria kabla hujachora, kisha linganisha na zoni za upana huo huo ulizopanga kibahati nasibu. Zikigeuza bei sawasawa na zako, basi zoni yako haiongezi kitu.