Maswali ya kumuuliza babu ili wasifu wake uandikike

"Babu anatimiza miaka 80, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake. Nikimuuliza anasema tu: nilifanya kazi reli, nikastaafu. Nimuulize nini?"

Habari ndugu. Acha kwanza "ulifanya kazi gani?" Muulize siku ya kwanza: nani alikupeleka, ulilala wapi usiku ule, mshahara wa kwanza ulinunua nini? Mimi baba yangu mkubwa, naye wa reli, alifunguka kwenye hilo la mshahara. Alimnunulia mama yake blanketi, na ndipo nilipoanzia kuandika.

Miaka usiiulize moja kwa moja, atakisia tu ili akuridhishe. Itafute kupitia matukio anayoyakumbuka: Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, Vita vya Kagera 1978. Baba mkubwa alisema alihamia Tabora "zamani sana". Nikamuuliza, ulipofika, shirika lilikuwa bado la Afrika Mashariki au limeshakuwa la Tanzania? La Afrika Mashariki, akasema, na mtoto wa kwanza alikuwa mgongoni. Cheti cha ubatizo cha mtoto kinasema 1975, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Basi niliandika "katikati ya miaka ya 1970", nisibuni mwaka kamili. Kwa siku na miezi njia hii haifai. Hapo omba barua ya ajira.

Kaa naye dakika 40 hivi, asubuhi, ukimrekodi kwa ruhusa yake. Kisha msomee ulichoandika na umuulize: kipi hutaki kisomwe mbele ya watu? Baba mkubwa aliondoa habari za ndoa yake ya kwanza, nami nikazifuta palepale.