Soketi inayonuka kuungua: mwandikie mwenye nyumba hivi

"Nikichemsha maji, soketi ya jikoni inanuka plastiki inayoungua. Mwenye nyumba nikimpigia anasema atatuma kijana. Nimwandikie vipi?"

Ndugu yangu, kabla ya kuandika, zima saketi breka ya soketi za jikoni na usiiwashe hadi fundi afike. Harufu hiyo mara nyingi hutokana na waya uliolegea pale unapobanwa na skrubu. Birika linavuta umeme mwingi, kiungo kinapata moto, na breka haikati kwa sababu mzigo haujazidi. Wenye nyumba wengi hudhani breka ikitulia basi hakuna hatari, kwa hiyo liandike hilo.

Usikisie ubovu, taja ulichokiona:

"Tarehe 3 Machi, saa 1 jioni, soketi iliyo kando ya sinki ilitoa harufu ya kuungua. Kifuniko chake kimekuwa cha kahawia upande mmoja. Nimezima breka, kwa sababu ikiwa imewashwa haikati yenyewe kwa ubovu wa namna hii, na watoto wanalala chumba cha jirani. Naomba fundi mwenye leseni ya EWURA aikague na kuitengeneza ndani ya siku 2, apime pia waya wa ethi, kisha aache maandishi ya alichofanya."

Ambatanisha picha ya kifuniko, tuma kwa simu, nakala ibaki kwako. Fundi akifika, omba kuiona leseni. Asiye nayo huenda akabadilisha soketi tu, waya ulioungua ukabaki ndani ya ukuta.