Kijibwa "amening'ata" au "kimening'ata"?

*Niliandika "Kijibwa cha jirani amening'ata" nikasahihishwa niandike "kimening'ata". Mbona basi tunasema "kijana amefika" na "kiboko anaogelea"? Na nikisema "jibwa" je?*

Aliyekusahihisha yuko sawa. Nomino ikishatiwa katika udogo huiacha ngeli yake na kuingia KI-VI, hata kama inataja kiumbe mwenye uhai. Ikitiwa katika ukubwa huingia LI-YA.

Kijana na kiboko ni habari nyingine. Kiboko si "boko" aliyepunguzwa. Ki- hiyo ni sehemu ya jina lake, na mnyama mwenyewe ni mkubwa mno. Kiongozi naye hajadunishwa na mtu. Kijana kwa asili ana undugu na "mwana", lakini leo ni jina la rika, na unaweza kusema "kijana mrefu, mkubwa" bila kujipinga. Majina haya yana umbo la KI-VI tu, ila kwa kuwa yanataja viumbe hai, yanachukua upatanisho wa A-WA. Ukitaka kupima, tafuta neno la kawaida la kuweka kando yake. Kijibwa kando yake yuko mbwa, kitoto kando yake yuko mtoto, maana ni ileile ila imepunguzwa. Kiboko hana wa kuwekwa kando yake. Ndiyo maana mtu akisema "kijana kile kimenitukana", msikilizaji anatambua dharau papo hapo: kijana kashushwa kwa upatanisho peke yake, jina halikuguswa.

Sasa tazama sentensi yako ikirefushwa kidogo. Ya kawaida ni hii: "Mbwa yule mweusi wa jirani aliyefunguliwa usiku amemng'ata mtoto." Katika udogo: "Kijibwa kile cheusi cha jirani kilichofunguliwa usiku kimemng'ata mtoto." Katika ukubwa: "Jibwa lile jeusi la jirani lililofunguliwa usiku limemng'ata mtoto." Wakiwa wengi, utapata "vijibwa vile vyeusi vya jirani vilivyofunguliwa" na "majibwa yale meusi ya jirani yaliyofunguliwa". Kila kinachomhusu mbwa kimebadilika: kionyeshi, kivumishi, kihusishi, kirejeshi, na kitenzi. Lakini -m- ya "kimemng'ata" imebaki, kwa sababu ni ya mtoto, naye hajaguswa. Mtie naye katika udogo, sentensi itaishia "kimeking'ata kitoto".

Wengi huanza vizuri kisha wakateleza mwishoni, hasa penye kirejeshi na kiambishi cha mtendwa. Mtu huandika "lile jitu tulilomkuta njiani". "Tulilo-" inafuata jitu, halafu "-m-" inarudi kwa mtu. Sahihi ni "tulilolikuta". Ukisoma upya ulichoandika, anza na kitenzi cha mwisho urudi nyuma. Huko ndiko kosa linakojificha. Katika mazungumzo utasikia "kitoto kile analia" kila siku, lakini katika maandishi sanifu andika "kinalia".

Kuna na hiyo -ji- ya kijibwa, ambayo wengi huiona kama pambo. Shina la silabi moja haliwezi kubeba ki- peke yake. Mtu angekuwa "kitu", mti ungekuwa "kiti", mto ungekuwa "kito", na yote matatu ni maneno yenye maana nyingine kabisa. Kwa hiyo tuna kijitu, kijiti na kijito. Nomino ambazo tayari ziko KI-VI nazo huihitaji, la sivyo udogo usingeonekana: kitabu, kijitabu, kisu, kijisu.

Katika ukubwa, shina fupi huchukua ji-: jitu, jisu, jibwa. Shina refu kwa kawaida huvua kiambishi chake tu: mlango huwa lango, kikapu huwa kapu. Nyumba na nyoka huwa jumba na joka. Angalia wingi: jicho huwa macho, ji- ikaondoka, lakini ji- ya ukubwa haiondoki. Jitu ni majitu, jisu ni majisu.

Tena, si kila udogo ni dharau wala kila ukubwa ni tusi. Mji umezaa kijiji na jiji, na yote mawili ni maneno rasmi ya utawala Tanzania. Ila kwa watu, pima kwanza. "Mwizi amekamatwa" ni taarifa. "Jizi limekamatwa" ni taarifa pamoja na hukumu ya mwandishi, na katika habari ya gazeti hukumu hiyo haina mahali.