Umeona aktini ya beta, au umeona peptidi tu?

Mtu akiniletea matokeo ya shotigani, yaani uchambuzi wa protini zilizokatwakatwa kwanza kuwa peptidi, na kuniambia ameona aktini ya beta, huwa namwomba kwanza orodha ya peptidi. Spektromita ya tungamo haikuiona protini hiyo ikiwa nzima. Kimeng'enya cha tripsini kilishaikata baada ya kila lisini na arginini, isipokuwa panapofuata prolini, na vipande vyake vikaingia mashineni vikiwa vimechanganyika na vya maelfu ya protini nyingine.

Utambulisho wa peptidi yenyewe mara nyingi hunishawishi. Chukua SYELPDGQVITIGNER, kila herufi ikiwa asidi amino moja, ambayo haikosi kwenye sampuli za seli za binadamu. Mashine hupima tungamo lake, huivunja kwa kuigonganisha na gesi, kisha hupima vipande. Kuanzia mwisho, kwenye R, yaani arginini, utakuta vilele vya 175.12, 304.16, 418.20 na 475.23. Tafuta tofauti zake: 129.04 ni asidi ya glutamiki, 114.04 ni asparajini, 57.02 ni glisini. Tayari umesoma GNER kinyumenyume. Programu hufanya ulinganisho huo kwa peptidi zote za hifadhidata, pamoja na mifuatano bandia iliyogeuzwa. Kwa kuhesabu bandia zilizopenya tunakadiria kiwango cha makosa, na wengi huweka mpaka wa 1%.

Sasa kasheshe. Binadamu ana aktini sita, na peptidi hiyo imo katika zote. Beta na gama za saitoplazimu hutofautiana kwa asidi amino nne tu, zote mwanzoni kabisa:

```
beta  DDDIAALVVDNGSGMCK
gama  EEEIAALVIDNGSGMCK
```

Tofauti ya tungamo ni daltoni 56.06, na kipande hicho kimoja ndicho kinachoamua kesi. Tena mwanzo wake hubeba kundi la asetili, lenye 42.01. Usipoiruhusu programu kutafuta asetili mwanzoni mwa protini, hutaipata, hata kama spektra yake ni safi kama nini.

Kwa hiyo, kama unatumia MaxQuant, mojawapo ya programu za ulinganisho huo, fungua `proteinGroups.txt` na usome safu ya `Unique peptides`. Ile ya `Razor + unique peptides` huipa protini moja hata peptidi inazoshirikiana na nyingine, ndiyo maana beta inaweza kuonekana ina ushahidi tele. Bila kipande cha mwanzo, andika "aktini" na uishie hapo.

Usiseme pia kwamba gama haimo kwa sababu haikuonekana. Katika shotigani ya kawaida mashine huchagua ioni zenye nguvu zaidi ili izivunje, na dhaifu hupita bila kuguswa. Ukirudia sampuli ileile, orodha hubadilika kidogo. Anayetaka kweli kiasi cha kila moja aagize peptidi hizo mbili zikiwa na isotopu nzito na aielekeze mashine kwao tu. Afuatilie pia umbo lenye methionini iliyooksidika, zito zaidi kwa 15.99, kwani sehemu ya ishara hukimbilia huko.