Simu ilizama kwenye ndoo, hesabu za duka zikabaki: kwa nyie mnaoanza kuandika mauzo kwenye simu

Nina duka la vyakula Mbagala, mwaka wa nne sasa. Naandika hii kwa ajili ya nyie mnaoanza kuweka mauzo kwenye simu badala ya daftari, maana kuna kitu mimi nilikijua baada ya simu kuingia kwenye maji na ningependa nyie mkijue kabla.

Ilikuwa Jumamosi jioni, kama saa moja hivi, maji yalikuwa yamekatika tangu juzi yake kwa hiyo nilikuwa na ndoo tatu nyuma ya kaunta, nimeinama kuchota simu ikatoka kwenye mfuko wa shati ikaingia moja kwa moja. Niliitoa haraka, nikaizima, nikatoa laini, nikakausha, ila ilishakunywa maji. Fundi aliifungua Jumatatu akasema bodi imepiga shoti, haiwaki.

Kwenye hiyo simu kulikuwa na miezi 14 ya mauzo. Natumia Google Sheets, jedwali la kawaida tu, kila mauzo mstari mmoja: saa, bidhaa, idadi, hela, halafu safu ya mwisho naandika cash, lipa namba au deni. Faili likiwa la akaunti yako ya Google halikai kwenye simu peke yake, ukiandika huku data iko on linapanda lenyewe mtandaoni bila wewe kubonyeza kuseva. Jumapili nikaazima simu ya mdogo wangu, nikaingia na imeili yangu na pasiwedi, Google wakatuma kodi kwa meseji kwenye namba yangu, nikaweka laini yangu (laini yenyewe haikuharibika na maji) kodi ikaingia, nikafungua Sheets na jedwali likaja lote. Nilikaa chini kabisa, nakumbuka.

Ila sio lote. Mstari wa mwisho ulikuwa wa saa 7:20 mchana, sembe kilo mbili. Simu ilizama saa moja jioni, sasa hayo masaa karibu sita yalienda wapi?

Hapa ndo penyewe. Mimi kama wengi hapa mtaani nanunua bando dogo, nikimaliza kuangalia meseji nazima data ili lisiishe. Sheets inakubali kuandika bila data kama faili umeliwekea alama ya Available offline, unaona mistari yako ipo unadhani imeshahifadhiwa, kumbe ipo kwenye simu tu inasubiri data iwashwe. Siku ile data nilizima baada ya chakula cha mchana sikuwasha tena, kwa hiyo vya mchana ule vilizama na simu. Na hata ukiwasha data, kama Data Saver iko on simu inaweza kuzuia programu isitumie data mpaka uifungue mwenyewe, kwa hiyo kuwasha data na kuiacha simu mfukoni hakutoshi. Fungua jedwali, liache wazi kidogo.

Nikaanza kuutafuta ule mchana uliopotea. Asubuhi nilianza na chenji 20,000 kwenye droo, jedwali likaniambia mpaka saa 7:20 cash ilikuwa 96,000, na saa kumi nilimlipa mtu wa mikate 12,000 kutoka humo humo droo. Usiku nilipohesabu kulikuwa na 187,500. Kwa hiyo narudisha ile 12,000 inakuwa 199,500, natoa chenji 20,000, natoa 96,000 ya asubuhi, inabaki 83,500, hiyo ndo cash ya mchana. Sijui ilikuwa sukari au mafuta, ila hela najua. Za lipa namba zilikuwa rahisi zaidi, malipo yanabaki kwenye kampuni ya simu sio kwenye simu yako, nikaingia kwenye menyu nikaona 34,000 zimeingia mchana ule.

Madeni ndo yalinitesa. Cash ina droo, lipa namba ina kampuni, deni halina shahidi mwingine zaidi ya ule mstari ulioandika. Nilikumbuka watu watatu, mmoja alikuja mwenyewe akasema nilichukua mchele na maharage ya 6,500, wawili nikawafuata, na nina uhakika kuna wa nne maana mafuta lita moja yalipungua kwenye kuhesabu shelfu na hayapo popote. Sikuwahi kumjua. Kwa hiyo siku hizi utaratibu wangu ni huu, mtu akikopa nawasha data hapo hapo akiwa bado amesimama, naandika, nasubiri sekunde kadhaa, nazima. Jedwali la maneno na namba linakula data kidogo mno, sio kama video. Cash inaweza kusubiri mpaka saa sita na jioni, deni halisubiri.

Kitu kingine ambacho ni kikubwa kuliko mnavyodhani ni imeili. Dada mmoja jirani yangu anauza vipodozi, naye simu yake iliharibika, hesabu zake zilikuwa zimepanda vizuri tu mpaka leo zipo huko, ila hawezi kuingia. Imeili alifunguliwa na aliyemuuzia simu, pasiwedi hakuwahi kuijua, na namba ya kurudishia akaunti ni ya huyo kijana ambaye alishahama. Kama simu yako ulinunua ikiwa imeshawekewa kila kitu, leo ingia myaccount.google.com uangalie imeili ni ipi, na Recovery phone imeandikwa namba gani, iwe yako unayoitumia. Kama hujui pasiwedi, ibadilishe sasa hivi wakati simu bado inawaka, kisha iandike kwenye karatasi uiweke nyumbani, sio dukani. Na laini iwe imesajiliwa kwa jina lako mwenyewe, maana ikipotea pamoja na simu utahitaji kuirudisha namba hiyo hiyo ili kodi ikufikie.

Na mtu asikudanganye kwamba ukiwasha bakapu kwenye Settings ya simu basi umemaliza. Ile inachukua majina, meseji, mipangilio na data za baadhi ya programu, na kwa kawaida inasubiri simu iwe kwenye chaji, haitumiki, na iko kwenye waifai. Sisi wa bando hali hiyo inaweza isitokee wiki nzima. WhatsApp nayo ina bakapu yake ya peke yake, lazima uiwashe humo humo ndani, kwa hiyo kama oda zako na madeni unaandikiana na wateja huko usitegemee hiyo ya simu.

Namna ya kujua kama zako zimepanda kweli ni moja tu ninayoiamini. Kila Jumapili nachukua simu ya mdogo wangu, naingia kwenye akaunti yangu, nafungua jedwali naangalia mstari wa mwisho, halafu natoka kwenye akaunti. Ukiwa wa Jumamosi usiku, sawa. Jumapili iliyopita ulikuwa wa Ijumaa saa tisa, nikakuta Data Saver imejiwasha baada ya simu kusasishwa, nikaizima hapo hapo nikafungua Sheets kwenye simu yangu, na mistari 58 ikapanda nikiwa naiangalia.