Boksi tupu, mara ya tatu

"Mteja wa Mbagala kadai tena kaletewa boksi tupu, mara ya tatu. Nimrudishie hela?"

– Mara tatu? Mwizi huyo, mfungie.

– Usikimbilie kufungia. Panga madai kwa namba inayopokea marejesho na mahali mzigo unaposhushwa. Jina la akaunti hubadilishwa kirahisi. Kisha tazama dereva wa boda. Madereva watatu tofauti, vilivyopotea ni simu tu, huku oda zake za sabuni zinafika salama: shaka ni kwa mteja. Dereva mmoja, na wateja wake wengine wanalalamika: chunguza njiani. Pima boksi ghalani na mlangoni, simu ya gramu 200 ikitoka utaona. Ila mpakiaji akiweka jiwe, mizani haisemi kitu.

– Na mimi niliyenunua kitu kikafika kimepasuka, nadai wapi?